Watu hawajumlishwi: maswali yenu kuhusu ripoti zinazojiendesha

Dada, naomba unieleze kwa ufupi: ufikiaji na mionekano si kitu kimoja tu? (Mtunza kurasa, Morogoro)

Ufikiaji ni watu wangapi, mionekano ni mara ngapi. Mama mmoja akiiona posti yako mara nne, ufikiaji ni 1 na mionekano ni 4. Swali hili linarudi karibu kila toleo na nilishaanza kulipita bila kulisoma, ila leo nalijibu kwa sababu lina kipimo cha bure ambacho wengi wenu hamkitumii. Kwa posti ile ile na kipindi kile kile, mionekano haiwezi kuwa pungufu ya ufikiaji. Ikitokea kwenye shiti yako, basi safu zimepishana au umechanganya tarehe. Weka kanuni ya kuipaka seli hiyo rangi nyekundu, utashangaa itawaka mara ngapi.

Shikamoo dada. Nimetengeneza ripoti inayojijaza kila siku kwenye Google Sheets. Mwisho wa mwezi najumlisha safu ya `reach`, lakini mteja akifungua Meta Business Suite anaona namba ndogo sana kuliko yangu. Nani anadanganya? (Kijana wa wakala mdogo, Mwanza)

Marahaba. Wewe ndiye, ingawa hukukusudia.

Mionekano inajumlishika: matukio ya Jumatatu ukiyaongeza kwenye ya Jumanne unapata matukio ya siku mbili, hakuna ubishi. Ufikiaji haujumlishiki, kwa sababu mtu wa Jumatatu anaweza kuwa ndiye huyo huyo wa Jumanne. Konda wa daladala akibeba abiria 1,000 kwa siku, wiki ikiisha hawezi kusema amebeba watu 7,000 tofauti, maana nusu yao anawajua kwa sura.

Tulipigie hesabu. Tuseme ukurasa wa duka la samani unafikia watu 1,000 kila siku. Kati yao, 700 ni wafuasi waaminifu wanaouona kila siku bila kukosa, na 300 ni wapita njia ambao wanauona siku moja na hawarudi tena. Kwa wiki, safu yako inajumlisha 7,000. Watu halisi ni 700 jumlisha 300 mara saba, yaani 2,800. Umewazidisha mara mbili na nusu. Sasa nenda mwezi wa siku 30: shiti inasema 30,000, ukweli ni 700 jumlisha 9,000, yaani 9,700. Hapo umezidisha zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo kosa hili halina ukubwa mmoja ambao ungeweza kuuzoea na kuupunguza kichwani. Linakua kadiri kipindi kinavyorefuka, na linakuwa baya zaidi kwa wateja wenye wafuasi waaminifu. Ukurasa mzuri ndio unaodanganyiwa zaidi.

Na usidhani utalirekebisha kwa fomula. Mistari ya kila siku uliyoihifadhi haina habari ya nani ni nani, ina idadi tu. Utambulisho umebaki kwa Meta, na Meta peke yake ndiyo inayoweza kuondoa waliojirudia. Dawa ni kuomba namba ya kipindi kizima kutoka kwenye chanzo. Kwa matangazo ya kulipia ombi linakuwa hivi:

```
GET /act_<ID>/insights
  ?level=account
  &fields=reach,impressions,frequency
  &time_range={"since":"2025-06-01","until":"2025-06-30"}
```

Hapo unapata mstari mmoja wa Juni nzima, watu wakiwa wamehesabiwa mara moja moja. Ukiongeza `time_increment=1` unapata mistari 30, ya kila siku. Mistari hiyo 30 ni mizuri kwa kuchora mchoro, lakini usiiguse kwa `SUM` kwenye safu ya `reach`. Angalia pia neno `level`. Ukiomba kwa kampeni tatu kisha ukajumlisha, umerudi kwenye kosa lile lile kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mtu mmoja huona kampeni mbili. Vivyo hivyo ukigawanya kwa Facebook na Instagram: yupo kote kuwili. Kwa namba za kawaida za akaunti, zile zisizo za kulipia, kanuni ni hiyo hiyo. Omba jumla ya kipindi kutoka kwenye chanzo, kisha ilinganishe na Business Suite kabla hujaiamini.

Kwenye shiti, tenganisha kurasa mbili. Moja ni ya siku, yenye mionekano, mwitikio na ufikiaji wa siku hiyo. Nyingine ni ya mwezi, mstari mmoja kwa kila mwezi, iliyojazwa na ombi lake lenyewe. Dashibodi isome ufikiaji wa mwezi kutoka ukurasa wa pili tu. Hapa nina onyo ambalo hukuliomba: ukiwa umehifadhi ufikiaji wa kila siku halafu ukamwekea mteja kitufe cha kuchagua tarehe kwenye Looker Studio, umemjengea mashine ya kutengeneza namba za uongo. Looker Studio hujumlisha safu ya namba bila kukuuliza. Kila atakapovuta tarehe kuwa ndefu, ufikiaji utavimba. Kiondoe kitufe hicho kwenye ufikiaji, au mpe vipindi ulivyoviomba wewe mwenyewe.

Na kama miezi ya nyuma imekwishapita na ulichonacho ni mistari ya siku tu, usikisie. Unachoweza kusema kwa haki ni kwamba ufikiaji wa mwezi haukuwa chini ya siku kubwa kuliko zote wala juu ya jumla ya siku zote. Au andika wastani wa watu kwa siku, ambao ni namba halali kabisa, na uiite kwa jina hilo.

Naweza kujumlisha ufikiaji wa Instagram, Facebook na X nipate namba moja ya chapa? (Nairobi)

Hapana. X kwanza haikupi ufikiaji. Inachokupa kwa kila posti ni `impression_count`, yaani mara ngapi. Utakuwa unajumlisha watu na matukio, na hata hao watu wa Instagram na Facebook hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika wangapi ni walewale. Andika kila mtandao kwenye mstari wake. Mteja akililia namba moja kubwa ya kuweka kwenye slaidi, mpe jumla ya mionekano, na umwambie kuwa hata hiyo kila mtandao unaihesabu kwa masharti yake.

Wakala aliyenitangulia alikuwa akiripoti kiwango cha mwitikio cha asilimia 5. Mimi nikitumia posti zilezile napata asilimia 2. Mteja anadhani nimeua ukurasa wake. Fomula sahihi ni ipi? (Dar es Salaam)

Pole, ila hujaua kitu. Mlichotofautiana ni namba ya chini ya mstari wa kugawanya, na bila shaka hakuna aliyeiandika kwenye ripoti.

Chukua posti yenye laiki, komenti, kushea na kusevu 200 kwa jumla. Imefikia watu 4,000, imeonekana mara 10,000, na ukurasa una wafuasi 5,000. Gawa kwa ufikiaji, ni asilimia 5. Gawa kwa mionekano, ni asilimia 2. Gawa kwa wafuasi, ni asilimia 4. Zote tatu ni hesabu sahihi za posti moja, na zote tatu huitwa jina moja kwenye ripoti za mjini. Nina hakika kabisa mwenzako aligawa kwa ufikiaji na wewe unagawa kwa mionekano. Chimba ripoti yake ya zamani, chukua posti moja, ijaribu kwa njia zote mbili, utaona.

Sasa ipi utumie? Nitakupa msimamo wangu, na najua kuna watakaokasirika. Kwa posti za kawaida zisizolipiwa, gawa kwa ufikiaji. Unataka kujua kati ya watu waliopata kuiona ni mwitikio kiasi gani ulitoka, na posti za kawaida hazirudiwi sana mbele ya mtu mmoja. Kwa matangazo ya kulipia, gawa kwa mionekano, kwa sababu huko pesa yako inanunua marudio, na marudio hukifanya kiwango kinachogawiwa kwa ufikiaji kiongezeke chenyewe.

Tazama hili. Tuseme wiki ya kwanza tangazo limefikia watu 8,000 kwa mionekano 12,000, likapata mwitikio 240. Kwa ufikiaji ni asilimia 3, kwa mionekano ni asilimia 2. Wiki ya pili mteja ameongeza bajeti bila kupanua walengwa. Watu ni wale wale 8,000, lakini sasa mionekano ni 32,000, kila mmoja analiona mara nne, na mwitikio ni 400. Kwa ufikiaji umepanda hadi asilimia 5 na kila mtu anapiga makofi. Kwa mionekano umeshuka hadi asilimia 1.25. Tangazo limechosha, watu wanalipita, na ripoti yako inasema limeng'ara. Ndiyo maana kwenye ripoti ya matangazo siruhusu kiwango cha mwitikio kisimame bila safu ya `frequency` pembeni yake.

Kugawa kwa wafuasi nakuachia kazi moja tu: kujilinganisha na mshindani, kwa kuwa ufikiaji wake huuoni na wafuasi wake unawaona. Ndani ya ripoti ya mteja wako mwenyewe sioni kwa nini uitumie, maana wengi wa wafuasi hao hawakuiona posti hiyo, na baadhi ya walioiona si wafuasi.

Kuna mtego mwingine, na huu uko juu ya mstari. Laiki, komenti na kusevu vinaweza kutoka kwa mtu mmoja kwa dakika moja, na vitahesabiwa vitatu. Kwa hiyo usiandike kamwe kwamba "asilimia 5 ya watu waliitikia". Ukiitaka sentensi hiyo, Instagram inacho kipimo chake cha akaunti, `accounts_engaged`, ambacho huhesabu akaunti. Kile cha `total_interactions` huhesabu vitendo. Na kwenye matangazo ya Meta, kabla ya kuchukua `post_engagement` kama ilivyo, fahamu kuwa ndani yake mna pia mibofyo na utazamaji wa video wa sekunde 3. Wakala mmoja ambaye sitamtaja alinionyesha tangazo la video lenye kiwango cha asilimia 31 akitaka sifa. Tukaondoa `video_view` ndani ya hesabu, ikabaki chini ya asilimia 1. Video inajicheza yenyewe mtu anaposogeza skrini, halafu sisi tunaita huo mwitikio.

Kwa mteja wako, fanya hivi wiki hii: piga upya miezi mitatu ya nyuma kwa fomula uliyoichagua, weka mistari miwili, wa fomula ya zamani na wa fomula hiyo, kwenye mchoro mmoja, na uandike fomula nzima chini ya kichwa cha mchoro. Mazungumzo ya kukufukuza yatageuka kuwa mazungumzo ya kugawanya.

Kwa nini wastani wa kiwango cha mwitikio kwenye Looker Studio haufanani na ninaopiga kwa mkono? (Arusha)

Kwa sababu umeipa safu yenye asilimia na kuiambia ipige wastani wa asilimia. Ni kosa la pili kwa wingi baada ya lile la kijana wa Mwanza, na kwa kweli ni ndugu yake.

Posti ya kwanza imefikia watu 10,000 na ina mwitikio 200: asilimia 2. Posti ya pili imefikia watu 200, wengi wao wakiwa marafiki wa mwenye duka, na ina mwitikio 40: asilimia 20. Wastani wa asilimia hizo mbili ni 11. Lakini ukichukua mwitikio wote 240 ukagawa kwa 10,200, unapata asilimia 2.35. Posti iliyoonwa na ukoo imepewa kura sawa na posti iliyoonwa na mji.

Tiba iko kwenye mpangilio wa shiti. Usihifadhi asilimia kabisa. Hifadhi namba mbichi, ya juu na ya chini, kila moja kwenye safu yake, na uache mgawanyo ufanyike mwisho kabisa ndani ya dashibodi, kwa safu ya kukokotolewa:

```
SUM(mwitikio) / SUM(reach)
```

Ukiandika `mwitikio / reach` bila `SUM`, Looker Studio itagawa mstari kwa mstari kwanza, halafu itajumlisha au kupiga wastani wa matokeo, na utapata upuuzi ule ule ukiwa umevaa fomula.

Nasikia msomaji makini akiguna: si umesema ufikiaji haujumlishwi? Nimesema, na sijabadilika. `SUM(reach)` ya posti kumi siyo idadi ya watu, na isionekane popote kwenye ripoti kama idadi ya watu. Hapa inafanya kazi ya uzito tu: inahesabu nafasi ambazo mtu fulani alikutana na posti fulani, na mwitikio wa juu nao umehesabiwa kwa posti. Juu na chini vinalingana. Mtu akiona posti tatu, alikuwa na nafasi tatu za kuitikia, na zote tatu zinastahili kuwemo. Ifiche kwenye fomula na uiache huko huko.

Safu yangu ya mionekano ya Instagram imejaa sifuri. Skripti haijaguswa tangu 2024 na haijawahi kutoa kosa lolote. Watu wameacha kuona posti zetu? (Zanzibar)

Watu wapo. Meta iliondoa `impressions` kwenye toleo la v22.0 la API ya Instagram, na kuanzia tarehe 21 Aprili 2025 ikaiondoa kwenye matoleo yote. Posti zilizowekwa kabla ya tarehe 2 Julai 2024 zinaendelea kurudisha namba, za baada ya hapo hazirudishi. Kipimo kilichoshika nafasi yake kinaitwa `views`. Skripti ambayo haijaguswa miaka hii ingepaswa kukutia wasiwasi kuliko inayolia kila asubuhi.

Kinachoniudhi zaidi ni hizo sifuri. Instagram isipokuwa na data hairudishi sifuri, hurudisha orodha tupu. Sifuri zako zimeandikwa na skripti yako, na mahali pake napajua bila kuuona msimbo: mtu ameweka `|| 0` ili jedwali lionekane safi. Badilisha:

```
const v = row.views;
sheet.appendRow([id, v === undefined ? "" : v]);
```

Seli tupu inamaanisha hatujui, sifuri inamaanisha tunajua kuwa hakuna. Ukizichanganya, wastani wote wa mwaka unaoza, na ndivyo ulivyokaa miezi yote hiyo ukidhani ukurasa umekufa.

Usiunganishe `impressions` ya zamani na `views` ya sasa kwenye mstari mmoja wa mchoro. Havihesabu kitu kimoja. Kata mstari, anza mwingine wenye rangi nyingine, na uandike tarehe ya kukatika. Pia pitia kila fomula ya kiwango cha mwitikio iliyokuwa ikigawa kwa mionekano, kwa kuwa nayo imebadilika namba ya chini bila wewe kuarifiwa. Ukilinganisha mwaka huu na mwaka juzi kwa kipimo hicho, unalinganisha fomula mbili.

Ripoti yetu hutoka yenyewe kila Jumatatu saa 12 asubuhi. Jumapili huwa mbovu wiki zote. Tuache kuposti Jumapili? (Kampala)

Acheni kuripoti Jumatatu. Meta yenyewe inasema takwimu za Instagram zinaweza kuchelewa hadi saa 48, kwa hiyo alfajiri ya Jumatatu mnasoma Jumapili ambayo haijaiva. Tena siku yao si siku yenu. Kwenye takwimu za kurasa na akaunti utaona `end_time` ikiishia `T07:00:00+0000`, ambayo kwa saa za Afrika Mashariki ni saa 4 asubuhi. Majira ya baridi ya Marekani inasogea hadi saa 5. Skripti yenu inaamka wakati Jumapili ya Meta bado inaendelea. Posti mliyoweka Jumatatu saa 1 asubuhi inaanza kuhesabiwa ndani ya Jumapili yao.

Sogezeni ripoti hadi Jumatano mchana, na kila skripti inapoamka ivute upya siku saba za nyuma na kuandika juu ya mistari iliyopo kwa kufuata tarehe, badala ya kuongeza mistari mipya chini. Nyie wenye matangazo mjue pia kuwa akaunti ya matangazo hufuata saa za eneo mliloweka mlipoifungua, kwa hiyo mstari wa tarehe 8 wa matangazo na mstari wa tarehe 8 wa ukurasa si saa 24 zile zile. Kwa mwezi mzima tofauti hiyo haionekani, kwa siku moja inaweza kuwagombanisha.

Kwenye dashibodi moja nina kiwango cha mwitikio cha tovuti asilimia 62 na cha Instagram asilimia 3. Bosi anataka nihamishie bajeti yote kwenye tovuti. (Mombasa)

Mzuie kabla hajasaini. Ile ya Google Analytics 4 ni sehemu ya ziara zilizozidi sekunde 10, au zilizofungua kurasa mbili na zaidi, au zilizokuwa na tukio muhimu. Haina laiki wala komenti. Ni vipimo viwili vilivyopewa jina moja na makampuni mawili, na wewe umeviweka bega kwa bega. Viweke kurasa tofauti za ripoti na kile cha tovuti ukiite kiwango cha ziara zenye shughuli.

Hatuna mtu wa kuandika skripti. Tunataka kununua huduma ya ripoti iliyo tayari. Nitajuaje kama inahesabu ufikiaji vizuri? (Dodoma)

Kwanza hongera kwa kuuliza kabla ya kulipa. Barua nyingi ninazopata kuhusu huduma hizi zimeandikwa baada.

Omba kipindi cha majaribio, unganisha ukurasa mmoja wenye wafuasi wanaoufuatilia kweli, kisha fungua siku saba moja moja na uandike ufikiaji wa kila siku kwenye karatasi. Halafu chagua siku hizo saba kwa pamoja kwenye huduma hiyo. Namba ya wiki ikilingana barabara na jumla ya siku zako saba, huduma inajumlisha watu, na muuzaji akikuambia ni "ufikiaji wa jumla" mshukuru na uondoke. Ikiwa ndogo kuliko jumla na kubwa kuliko siku iliyoongoza, endelea: fungua Business Suite kwa tarehe zile zile na ulinganishe. Tofauti ndogo usiihangaikie, hasa kwenye matangazo, ambako Meta yenyewe inaita ufikiaji makadirio. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi kuona ripoti inayoandika ufikiaji wa 41,287. Andika elfu 41 na mteja ataelewa.

Jaribio la pili ni la kiwango cha mwitikio. Chukua posti moja, piga kwa mkono kwa ufikiaji na kwa mionekano, uone huduma inakubaliana na ipi. Isipokubaliana na yoyote, waulize kwa maandishi wanaweka nini juu ya mstari, na kama mibofyo na utazamaji wa video vimo. Wakishindwa kujibu kwa sentensi moja, hata wao hawajui.

Jaribio la tatu hufanywa na wachache. Chagua mwezi ambao ukurasa haukuwepo, au siku kabla hujaufungua. Huduma nzuri itaonyesha seli tupu au kusema hakuna data. Ikionyesha sifuri zimepangwa vizuri kama askari kwenye gwaride, unajua tayari inafanya kosa lile lile la safu ya Zanzibar.